Nywele zilizoblichiwa nyumbani zikapauka: siki, kondishena, glosi au mafuta?

Binti wa dada yangu alikuja kwangu Jumamosi moja akiwa amejifunga kilemba. Hata kabla hajaketi alikifungua na kusema, "Mama mdogo, rangi naipenda, usiiguse. Nataka tu zing'ae." Alikuwa amezitoa nywele zake kutoka nyeusi hadi rangi ya asali, peke yake bafuni, kwa unga wa blichi na developa ya 30. Rangi kweli ilikuwa imetoka vizuri. Lakini ukizitazama ungedhani zimemwagiwa vumbi. Hapakuwa na sehemu inayong'aa wala sehemu yenye kivuli. Kichwa kizima kilikuwa rangi moja iliyolala.

Ninaoshughulika nao wakifikia hapo hukimbilia moja ya vitu vinne: kusuuza kwa siki, kondishena yenye silikoni, glosi isiyo na rangi, yaani dawa ya kupaka ya kung'arisha nywele, au mafuta. Vyote vinne huongeza mng'ao, lakini kila kimoja kwa njia yake na kwa muda wake, na viwili kati yake vinaweza kukugeuzia rangi ambayo hukutaka iguswe. Kwa kuwa binti huyu ana subira, niligawa kichwa chake mafungu manne nikaviweka vyote kwa siku moja, kila kimoja fungu lake. Ninayoeleza hapa ni yale tuliyoyaona, pamoja na sababu zake.

Kilichopotea ni uso wa unywele

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, tabaka 5 hadi 10, ncha zikielekea chini. Juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba mno wa mafuta ulioshikana na unywele wenyewe. Haya si yale mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, na shampuu ya kawaida haiyaondoi. Utando huo ndio unaoufanya uso wa unywele uteleze. Mwanga ukigonga uso ulio laini hurudi wote kwa upande mmoja, na jicho linaona ule mstari mweupe unaomeremeta. Uso ukiwa umekwaruzika, mwanga huo huo hutawanyika kila upande, na jicho linaona ukungu.

Mchanganyiko wa blichi una pH ya karibu 10, ilhali nywele hutulia zaidi zikiwa kati ya 4.5 na 5.5. Kwenye alkali kali namna hiyo unywele huvimba na magamba hunyanyuka, na hapo peroksaidi iliyomo kwenye developa hupata njia ya kuingia ndani kuivunja melanini, yaani ile rangi ya asili. Njiani huung'oa ule utando. Ukishaondoka, hauoti tena, kwa sababu unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai wa kujijenga. Kila tiba nitakayoitaja ni kitu cha kukaa mahali pa utando huo kwa muda, na tofauti kubwa kati yao ni jinsi kinavyoshika.

Nyumbani mambo huzidi kuharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nguvu na muda. Developa ya 30 ni peroksaidi ya asilimia 9, wakati ya 20 ni asilimia 6, na mtu anayejipaka mwenyewe nyuma ya kichwa hawezi kuepuka kupitisha blichi juu ya nywele zilizokwisha kutoka rangi. Binti yangu alikaa nayo dakika 45, akapaka tena sehemu zilizobaki nyekundu. Sababu ya pili ni kinachofanyika baadaye, au tuseme kisichofanyika. Aliosha kwa shampuu ya kawaida, akasuuza, akakausha. Hakutumia chochote chenye asidi kidogo cha kuzirudisha nywele kwenye pH yake, kwa hiyo ziliendelea kukaa zimevimba na kukwaruzana zenyewe kwa zenyewe kila alipozichana.

Kuhusu ile rangi kuonekana imelala, nywele za asili hazina rangi moja. Nyuzi nyingine ni nyeusi zaidi, nyingine zina wekundu kidogo, na blichi ya kichwa kizima huzisawazisha. Sehemu hiyo ya tatizo haitibiki bila kuongeza rangi. Lakini sehemu kubwa zaidi, kwa nilivyoona, hutokana na ule mwanga uliotawanyika. Uso ukilainika, panapong'aa panang'aa zaidi na palipo na kivuli panakolea, na rangi ile ile inaonekana ina kina. Ndiyo maana inawezekana kumridhisha mtu kama huyu bila kugusa kivuli chake cha rangi.

Kwanza zilowanishe

Kabla ya kununua chochote, chukua kishungi kimoja, kilowanishe kwa maji matupu, ukitazame karibu na dirisha mchana. Maji hujaza mianya kati ya magamba na kuusawazisha uso kwa muda, kama kokoto la mtoni linavyoonekana limekolea na kung'aa likiwa na maji, kisha likikauka linafifia. Kishungi kikiwa kimelowa rangi ikakolea na ikawa safi, basi tatizo lako liko juu juu, kwenye uso, na tiba hizi nne zinakuhusu. Kikilowa na bado rangi ni chafu, ya kijivu au ya kijani kidogo, kuna kitu kimejipaka juu ya nywele au kuingia ndani yake, na hakuna siki wala mafuta yatakayokificha.

Kishungi cha binti huyu kilipolowa kilikolea, lakini kilikuwa na ukungu wa kijivu. Nikamuuliza anaoshea nini. Akatoa chupa ya shampuu ya zambarau. Aliona nywele zimepauka, akaambiwa shampuu hiyo "inang'arisha", akawa anaitumia kila anapoosha kwa wiki tatu.

Hili hunisikitisha kwa sababu nalikuta mara kwa mara. Shampuu ya zambarau ina rangi ndani yake. Kazi yake ni kuzima umanjano kwa kuweka zambarau juu yake, na manjano ikikutana na zambarau huzimana kuwa kijivu. Kwa mwenye nywele nyeupe anayechukia umanjano, inafaa mara moja moja. Kwa mwenye rangi ya asali anayetaka mng'ao, inaiua ile joto ya rangi yake na kuzifanya nywele zionekane zimepauka zaidi, kwa sababu nywele zilizoblichiwa hunyonya rangi kama sifongo. Tayari ilikuwa imembadilishia kivuli bila yeye kujua.

Maji magumu nayo hufanya kitu kinachofanana na hicho. Chokaa na shaba iliyomo kwenye maji huganda kwenye nywele zenye mianya, na shaba huleta ule ukijani. Tiba ya vyote viwili ni kuosha mara moja kwa shampuu ya kuondoa madini; kwenye orodha ya viungo tafuta EDTA. Tulimpaka, tukaiacha dakika 5, tukasuuza. Nywele zilikakamaa mkononi, jambo la kutarajiwa kwa kuwa hata kondishena ya zamani ilikuwa imetoka, lakini rangi ilirudi asali safi. Usirudie kila wiki. Mara moja kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki 4 au zaidi kama maji yako ni magumu, inatosha.

Kipimo kingine ni cha nguvu, na usikiruke ikiwa unafikiria glosi. Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukinyooka kidogo kisha ukarudi, uko sawa. Ukivutika kama ubani uliotafunwa na usirudi, au ukikatika mara tu unapouvuta, ndani kumeharibika na kitu chochote chenye peroksaidi, hata kidogo, kiache. Wa binti yangu ulinyooka ukarudi, ila kwenye ncha ulikatika. Ncha tulizikata sentimita mbili, na kukata huko peke yake kulipunguza ule ukungu kuliko nilivyotegemea, maana ncha zilizochanika hutawanya mwanga kama manyoya ya ufagio.

Siki na kondishena ya silikoni

Hizi nazilinganisha pamoja kwa sababu ndizo zinazoweza kufanyika leo hii bila hofu ya rangi.

Siki kwa fungu la kwanza: kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, cha siki nyeupe ya asilimia 5 katika nusu lita ya maji. Hapo pH huwa kati ya 3 na 4 hivi. Unamwagia baada ya shampuu, unaacha dakika 1 au 2, unasuuza kwa maji. Asidi hiyo huondoa mabaki ya alkali, unywele uliovimba husinyaa, na magamba hulala. Nasema siki nyeupe kwa makusudi, kwa kuwa siki ya tufaha ina rangi ya kahawia na nywele nyeupe kabisa zinaweza kuinyonya. Wanaoipaka bila kuichanganya na maji, wakidhani ikiwa kali zaidi itang'arisha zaidi, huishia kuunguza ngozi ya kichwa na nywele zinakauka.

Fungu hilo lilipokauka lilikuwa laini kuliko mwanzo na mng'ao uliongezeka kiasi. Ulionekana ukiusogeza mwanga, lakini haukumeremeta. Siki hulaza magamba yaliyopo. Haiweki chochote mahali pa ule utando. Alipoosha tena wiki iliyofuata, ulikuwa umekwisha. Faida yake kubwa ni baada tu ya kublichi, siku ile ile na wiki ya kwanza. Baada ya wiki tatu, kama kwake, mchango wake ni mdogo, na kondishena nzuri tayari ina asidi ya kutosha kufanya kazi hiyo hiyo.

Kwenye fungu la pili tuliweka kondishena yenye amodimethikoni. Silikoni ziko nyingi, lakini hii, inayotambulika kwenye orodha kwa jina linaloanza na "amodi", ina chaji chanya. Nywele zilizoblichiwa zina chaji hasi nyingi, hasa pale zilipoumia zaidi, kwa hiyo silikoni hii huvutwa na kushika zaidi pale palipoharibika kuliko kwenye mizizi iliyo mizima. Silikoni za kawaida hazichagui palipoharibika namna hiyo, nyingine huruka hewani baada ya muda mfupi. Tulipaka kuanzia katikati hadi ncha, tukapitisha chanuo lenye meno mapana, tukaacha dakika 10, tukasuuza.

Hapo ndipo binti alipoanza kutabasamu. Fungu lilipokauka lilikuwa na ule mstari wa mwanga, na rangi ilikuwa ni ile ile ya asali, haikukolea wala haikupauka. Mwosho wa kwanza ulipunguza mng'ao kidogo, na baada ya mwosho wa tatu bila kuirudia nywele zilikuwa zimekaribia zilikotoka. Kwa hiyo inakutaka uirudie kila unapoosha. Watu huogopa kwamba silikoni itajaa na kuzifanya nywele ziwe nzito. Hutokea kwa nywele nyembamba zinazooshwa kwa kondishena tupu bila shampuu. Ukiona zinalala na kushikana ingawa ni safi, osha kwa shampuu mara mbili mfululizo.

Glosi isiyo na rangi

Glosi ndiyo inayodumu zaidi, na ndiyo yenye mtego. Wengi husoma "isiyo na rangi" wakaelewa "haiwezi kubadilisha rangi". Kukosa rangi ndani ya chupa hakuzuii kutoa rangi iliyo kwenye nywele. Glosi nyingi huchanganywa na developa, na hapo pH ndiyo inayoamua. Glosi yenye alkali, ikichanganywa na developa ya 10 au ya 20, inaweza kunyanyua rangi kidogo. Mara nyingi hutaiona kwenye sehemu iliyoblichiwa, utaiona kwenye mizizi mipya iliyoota: inakuwa na wekundu ambao haukuwepo. Na kama ulikuwa umewekewa tona, ile rangi ya kuzima umanjano, baada ya blichi, glosi ya alkali inaweza kuifuta sehemu yake, umanjano ukarudi.

Kwa anayetaka kivuli kibaki kilivyo, chagua glosi ya asidi, ile iliyoandikwa kwamba pH yake iko chini ya 7, pamoja na developa yake dhaifu isiyozidi asilimia 3. Kuna pia glosi za nyumbani zisizo na developa kabisa, ambazo kwa kweli ni kondishena iliyokolezwa. Hizo ni salama kwa rangi, ila hudumu muda mfupi zaidi. Soma kiasi cha kuchanganya kwenye maelekezo ya bidhaa yenyewe, maana nyingine ni kipimo kimoja kwa kimoja na nyingine kimoja kwa viwili, na ukibadilisha uwiano umebadilisha na nguvu yake. Jaribu tone nyuma ya sikio saa 48 kabla, hata kama haina rangi. Kisha jaribu kishungi cha ndani karibu na shingo, ukaushe, ukilinganishe na cha jirani kwenye mwanga wa dirisha.

Kwa binti tulijaribu kishungi kwanza, hakikubadilika, ndipo tukapaka fungu la tatu, bila kugusa mizizi, kwa dakika 15. Mng'ao wake ulizidi wa kondishena, na ulikuwa sawasawa kutoka juu hadi chini. Ulionekana vizuri hadi wiki ya nne, ukififia polepole. Kwa nywele zenye mianya mingi tegemea kati ya wiki 3 na 6. Wenye ncha zinazovutika kama ubani wasiitumie hii yenye developa, hata iwe ya asidi.

Mafuta

Fungu la nne lilipata matone manne ya mafuta ya nazi yaliyosuguliwa viganjani na kupitishwa juu ya nywele kavu. Liling'aa kuliko yote manne siku hiyo. Lakini tulipoliweka karibu na fungu la pili, lilikuwa limekolea, asali iliyokuwa nyepesi ikawa ya kahawia. Mafuta hujaza mianya kama maji yanavyofanya, tena vizuri zaidi kuliko maji, na kwa sababu hayakauki, nywele hubaki zinaonekana kama zimelowa. Hayo si mabadiliko ya kudumu, yanatoka kwa kuosha, lakini mtu aliyesema "rangi usiiguse" atayaona. Mafuta yenye rangi ya manjano au ya kijani, kama ya zeituni, kwenye nywele zilizo karibu na nyeupe yanaweza kuongeza na rangi yake.

Mahali pake pazuri ni kabla ya kuosha. Mafuta ya nazi yana uwezo wa kuingia ndani ya unywele, na ukiyapaka usiku kabla ya kuosha, hupunguza maji kuingia na protini kutoka. Kwa kazi hiyo nayapenda. Kwa kung'arisha nywele zilizoblichiwa bila kugusa kivuli, nayaweka mwisho.

Wewe uchague ipi

Ukiwa umeblichi leo au wiki hii, siki au kondishena yenye asidi kila unapoosha, na usitafute kingine kwanza. Ukiwa umeshapita hapo, rangi unaipenda na hutaki hatari yoyote, kondishena yenye amodimethikoni ndiyo ningekupa mkononi, baada ya kuosha mara moja kwa shampuu ya kuondoa madini. Glosi ya asidi ni ya yule ambaye nywele zake zimefaulu kipimo cha kuvuta na ana tukio mbele yake, au amechoka kurudia kila wiki. Anayefeli kipimo hicho abaki kwenye kondishena, apunguze ncha, na aiweke pasi ya nywele chini ya nyuzi 180 au aiache kabisa, kwani joto huendeleza kile blichi ilichoanza.

Neno kwa wenye nywele za kipilipili, kwa kuwa binti yangu ni mmoja wao. Unywele uliojisokota huwa na uso unaogeuka kila milimita chache, kwa hiyo hata ukiwa mzima kabisa mwanga wake hautarudi kwa mstari mmoja kama wa nywele zilizonyooka. Usijipime kwa picha ya nywele zilizonyooka. Tulizisokota twisti kubwa zikiwa bado na unyevu, tukaziacha zikauke hivyo hadi kesho yake, na nyuzi zilipolala upande mmoja mng'ao uliongezeka kwenye mafungu yote manne, hata lile la siki.

Binti alichagua kondishena kwa kichwa kizima, na lile fungu la glosi akaliacha lilivyo hadi likafifia lenyewe. Shampuu ya zambarau alimpa rafiki yake mwenye nywele nyeupe. Mara ya mwisho alipokuja, mizizi ilikuwa imeota vidole viwili, nyeusi inayong'aa, na chini yake asali ilikuwa imebaki asali.